Kiwanda Hakilali: Gari, Chakula na Malezi kwa Wafanyakazi wa Shifti ya Usiku

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wananchi katika wadi za ukanda wa chai, Kericho na Bomet

 

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu ambaye mara nyingi hayupo barazani. Baraza likiitwa saa nne asubuhi, yeye yuko kitandani, au anajaribu kulala huku mtoto akilia. Huyu ni mfanyakazi wa shifti ya usiku katika kiwanda cha chai. Kila anayeishi Bureti, Belgut, Ainamoi, Konoin au Bomet ya Kati ana ndugu au jirani wa namna hiyo. Taa za kiwanda zinaonekana kutoka ng'ambo ya bonde usiku kucha, na chini ya taa hizo kuna watu wanaohitaji kufika, kula, na kujua kwamba watoto wao wako salama.

Mapendekezo yatakayotolewa hapa ni matatu: gari, chakula na malezi. Yote yanategemea jambo moja dogo, nalo ni saa ambayo shifti hubadilishana. Saa hiyo ikipangwa vizuri, huduma hizi zinawezekana kwa gharama ya kawaida. Ikipangwa vibaya, kila huduma itaanza kwa shangwe na kufa baada ya mwezi mmoja.

KWA NINI KAZI HII HAIWEZI KUNGOJA ASUBUHI

Wengi wanajua kuchuma, lakini si wote wanaojua kinachotokea baada ya lori kuondoka na majani. Majani mabichi yanayofika kiwandani alasiri hutandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, hewa ikipulizwa kutoka chini. Hapo hukaa saa 12 hadi 18 hivi, yakipoteza maji na kulainika. Basi majani yaliyofika saa kumi jioni huwa tayari kati ya saa kumi alfajiri na saa nne asubuhi. Yakishakuwa tayari hayangoji mtu. Hupitishwa kwenye mashine za kukata na kusokota, kisha huachwa yageuke rangi kwa muda wa saa moja au moja na nusu, na baada ya hapo lazima yaingie kwenye kikausho. Yakicheleweshwa, ladha huharibika na bei hushuka. Kwa kuwa inahitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai, kosa la nusu saa alfajiri linagusa jasho la wakulima wengi.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi wa kikausho au wa boila hawezi kuondoka kabla mwenzake hajafika. Anayeingia akichelewa, anayetoka anazuiliwa. Matatu iliyokwama kwenye matope inamchelewesha abiria aliyemo ndani, na pia inamchelewesha yule aliyemaliza kazi, na mtoto anayemsubiri nyumbani.

SAA YENYEWE

Kabla ya kuzungumza juu ya gari, ni vizuri kuangalia saa. Viwanda vinavyofanya kazi kwa shifti tatu za saa nane vinaweza kubadilishana saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Vingine vinaweza kubadilishana saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Ukiangalia haraka hutaona tofauti kubwa, kwani ni saa moja tu. Lakini sisi tunaishi karibu sana na ikweta, na jua letu halina mabadiliko makubwa. Huku Kericho na Bomet huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi, mwaka mzima.

Hesabu basi. Anayeingia saa kumi na mbili na anaishi kilomita tano kutoka kiwandani, akitembea, lazima atoke nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Atatembea gizani safari nzima, mara nyingi kwenye ukungu, kati ya mashamba ya chai ambako hakuna nyumba wala taa. Anayeingia saa moja hutoka kabla ya saa kumi na mbili, na nusu ya pili ya safari yake anaiona njia. Anayetoka saa moja anarudi mchana kweupe.

Kwa mpango wa kwanza, mabadilishano mawili kati ya matatu yanaangukia gizani. Kwa mpango wa pili linabaki moja tu la gizani kabisa, lile la saa tano usiku. Hilo moja ndilo la kulipangia ulinzi na gari la uhakika. Kusogeza saa hakugharimu shilingi yoyote ya bajeti ya kaunti wala ya kiwanda. Kunahitaji makubaliano kati ya menejimenti na wafanyakazi kupitia chama chao, kwa sababu saa za kazi ni sehemu ya masharti ya ajira na haziwezi kubadilishwa na mtu mmoja.

Hapa pia ikumbukwe kwamba kanuni za jumla za mishahara nchini zinaweka kikomo cha saa 60 za kazi kwa wiki kwa mfanyakazi wa usiku, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika siku saba. Anayefanya shifti ya saa 12 kwa siku sita amefika saa 72. Hakuna matatu wala sahani ya githeri inayoweza kutibu uchovu huo.

MAMA WA MFANO

Ili mazungumzo yasielee hewani, tuchukue mfano. Ni mfano tu, hauhusu mtu wala kiwanda chochote. Mama mmoja anafanya kazi ya kupanga na kupakia chai katika kiwanda cha upande wa Bureti. Anaishi kilomita kumi kutoka hapo. Ana mtoto wa miezi saba na mwingine wa miaka minne aliye katika darasa la chekechea. Baba yao anafanya kazi Nakuru na hurudi mwisho wa mwezi. Wiki hii mama yuko shifti ya usiku, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi.

Tumfuate mama huyu usiku mmoja, tuone mahali ambapo huduma inaweza kumsaidia na mahali ambapo inaweza kumwangusha.

GARI: LIENDE LIMEJAA, LIRUDI LIMEJAA

Leo mama huyu anapanda boda boda. Nauli ya usiku huwa juu kuliko ya mchana, na mvua ikinyesha hupanda tena. Wenzake wengine wanaomba lifti kwenye lori la majani. Hilo ni jambo la kukataza bila kuoneana haya. Lori la majani si gari la abiria, na likianguka, aliyekuwa amekaa juu ya magunia ataona taabu sana kupata fidia.

Matatu ndogo inaweza kufanya kazi hii, lakini wenye magari wana swali la haki: nani atalipia safari ya kurudi tupu? Jibu liko kwenye mabadilishano ya shifti. Gari likifika kiwandani na wanaoingia, lisiondoke. Lingoje wanaotoka, liwarudishe njia ile ile.

Tufanye hesabu ya asubuhi moja. Tuseme gari linachukua wafanyakazi 12, njia ni kilomita 10, na nauli waliyokubaliana ni shilingi 70. Linaondoka kijijini saa kumi na mbili na robo, linafika kiwandani saa moja kasorobo, linangoja hadi saa moja na dakika kumi, kisha linarudi. Kwa safari zote mbili limekwenda kilomita 20. Likitumia lita moja kwa kilomita 8, limetumia lita mbili na nusu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 180 kwa lita, mafuta ni shilingi 450. Limebeba watu 24, likaingiza shilingi 1,680. Linabaki na shilingi 1,230 za dereva, makanga, magurudumu na mwenye gari. Likirudi tupu, mapato ni shilingi 840, na baada ya mafuta linabaki na 390. Kwa pesa hizo hakuna mwenye gari atakayeamka wiki ya pili. Tofauti yote hiyo inatokana na dakika 25 za kungoja.

Mpango huu una mipaka mitatu. Wa kwanza ni dereva. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Dereva aliyebeba shifti ya saa tano usiku na ile ya saa moja asubuhi hawezi kuendelea na kazi ya Kericho mjini hadi jioni. Hata kama saa zake za kuwa kwenye usukani hazijafika nane, usingizi wake umekatika. Kwa hivyo gari lenye kazi ya usiku lahitaji madereva wawili: wa usiku akabidhi gari asubuhi na aende kulala.

Mpaka wa pili ni vibali. Watu wa Kericho hawahitaji kukumbushwa alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipoanguka karibu na Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye mamlaka zilieleza kwamba basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Safari ya kilomita kumi si sawa na safari ya Nairobi hadi magharibi, lakini giza, miteremko na ukungu ni vile vile. Gari la shifti liwe la chama kilichosajiliwa, lenye bima ya abiria inayotumika na kibali cha NTSA kinachohusu saa hizo na njia hiyo. Karatasi hizo zikaguliwe kabla ya safari ya kwanza.

Mpaka wa tatu ni msimu. Majani hupungua miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, na kiwanda kinaweza kupunguza shifti ya usiku. Mwenye gari aliyeahidiwa watu 12 akipata wanne atajiondoa, na mvua zikirudi hatapatikana. Njia mojawapo ni makubaliano ya kima cha chini: wakipungua chini ya idadi fulani, kiwanda au chama cha akiba cha wafanyakazi kinafidia viti vilivyobaki, au gari mbili za njia jirani zinaunganishwa kuwa moja.

Kiwanda chenyewe kikiamua kutoa gari bila malipo, kuna jambo la kufahamu. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, safari ya kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa bure na mwajiri kwa kusudi hilo, likiendeshwa na yeye au mfanyakazi wake, huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Mfanyakazi akiumia njiani humo ana haki ya kudai kama aliyeumia kazini. Hilo ni jambo jema kwa mfanyakazi, na mwajiri alijue mapema ili akatie bima inayofaa.

Utajuaje kwamba huduma ya gari inaanza kufa? Usingoje malalamiko. Tazama daftari la mlangoni la wanaochelewa, na uhesabu viti vitupu kila Ijumaa. Ukiona watu wanalipa boda boda ilhali gari lina nafasi, ujue gari halifiki kwa wakati, au kituo chake kiko mbali na kijiji, au kuna mtu anayewasumbua wanawake njiani. La mwisho hilo halisemwi barazani. Liulizwe faraghani, na mwanamke amuulize mwanamke.

CHAKULA CHA SAA NANE USIKU

Mama wetu wa mfano amefika. Sasa ni saa nane usiku, wakati wa mapumziko. Nje ya lango kuna mwanamke mwenye kibanda, jiko na sufuria ya githeri. Biashara hii ni nzuri na inafaa kusaidiwa. Lakini ina hatari mbili ambazo biashara ya mchana haina.

Hatari ya kwanza ni mahali. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha barabara na kuwagonga wachuuzi, wasafiri na magari yaliyokuwa kando. Watu zaidi ya 50 walikufa. Usiku dereva haoni kibanda mpaka amekifikia, na wanunuzi husimama wakiangalia chakula, si barabara. Kibanda cha usiku kisikae ukingoni mwa barabara kuu hata kama ndipo wateja wengi walipo. Mahali pazuri ni ndani ya ua wa kiwanda, au uwanjani kando ya lango, penye taa, maji ya kunawa na choo. Kiwanda kikitoa nafasi hiyo na waya mmoja wa stima, kimetoa nusu ya huduma.

Hatari ya pili ni muda. Githeri iliyoiva saa kumi na moja jioni na kuliwa saa nane usiku imekaa saa tisa. Kwenye baridi yetu watu hudhani chakula hakiharibiki. Lakini sufuria kubwa iliyofunikwa haipoi haraka. Hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndiko wadudu wa tumbo huzaliana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae bila moto zaidi ya saa mbili, na kinachongoja kuliwa kidumishwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Wali unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sumu inayotokea kwenye wali ulioachwa vuguvugu haiondoki hata ukipashwa moto tena.

Basi mpishi wa usiku ana njia mbili. Anaweza kupika kwa kuchelewa: maharagwe na mahindi yachemshwe mchana, yapoe kwenye vyombo vipana, kisha yakaangwe saa saba usiku hadi yachemke hasa. Au anaweza kuweka sufuria inayochemka ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto, kile cha kufumwa na kutiwa matandiko ndani, akifunue wakati wa kuuza tu. Kwa kipimajoto kidogo cha jikoni atajua kama bado ni zaidi ya 60. Bila kipimajoto, akoroge hadi chini; mvuke usipotoka katikati ya sufuria, chakula kirudi motoni. Na asisahau kwamba huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Maharagwe yanayoiva kwa saa mbili Kisumu yatadai zaidi hapa, na kuni zihesabiwe hivyo.

Kiasi nacho kina maana. Mtu akila ugali mkubwa saa nane usiku, saa tisa atasinzia karibu na mashine. Inafaa mlo mkubwa uwe kabla ya kutoka nyumbani, na wa usiku uwe mwepesi: uji wa wimbi, mayai ya kuchemsha, viazi, githeri kidogo, chai. Hata chai ina saa yake. Ingawa hii ni nchi ya chai, vikombe vya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri humnyima mtu usingizi wa saa mbili asubuhi. Kuanzia saa kumi, uji ni bora.

Hasara ya mpishi hutokana na kubahatisha idadi. Karatasi moja ikibandikwa langoni ili wanaoingia waandike kama watakula na watakula nini, mpishi ana idadi yake kufikia saa tano na nusu, saa moja na nusu kabla ya kukaanga. Kabla ya yote awe na leseni ya biashara ya kaunti, na cheti cha afya cha mpishi, kinachofanywa upya kila miezi sita baada ya kupimwa.

WATOTO: SAA NGUMU SI ILE TUNAYODHANI

Tufike kwenye jambo zito zaidi. Mama wetu ameacha watoto wawili. Leo wamebaki na dada yao wa shangazi mwenye miaka 13. Msichana huyo yuko shule, na kesho atasinzia darasani.

Pendekezo ni nyumba ya malezi ya usiku: mama mmoja mzima, anayejulikana kijijini, analaza watoto wa majirani wanaofanya kazi. Tuseme akina mama wanne wa shifti moja wanalipa shilingi 150 kila mmoja kwa usiku. Mlezi anapata shilingi 600. Kati ya watoto hao, wachanga wasizidi wawili, kwa sababu moto ukitokea mtu mmoja ana mikono miwili tu.

Watoto wafike mapema, kabla ya saa mbili usiku, wale na walale hapo. Mtoto anayebebwa saa nne akiwa usingizini, akapitishwa kwenye baridi na kuamkia kwa mtu mwingine, atalia usiku kucha. Kuwe na daftari: nani amemleta mtoto, saa ngapi, ana dawa gani, na nani peke yake anaruhusiwa kumchukua. Mtu mwingine akija, hata akiwa mjomba, mama apigiwe simu kwanza. Kwa hiyo kiwanda kiwe na namba ya simu ya msimamizi wa shifti inayopokelewa saa zote.

Na sasa onyo ambalo lazima lisemwe wazi: jiko la makaa lisilale chumbani. Usiku wa Kericho ni baridi, na kishawishi ni kikubwa. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Haikohozeshi, inalaza tu, na aliyelala haamki. Blanketi, soksi na godoro lililoinuliwa kutoka sakafuni ndiyo njia ya kupambana na baridi. Mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mto.

Mtoto wa miezi saba bado ananyonya. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mikono safi hukaa saa nne mahali pa baridi ya kawaida ya nyumbani, na siku nne kwenye friji. Kwa hivyo maziwa yaliyokamuliwa saa mbili usiku yatafaa hadi saa sita tu kama mlezi hana friji; kwa usiku mzima friji inahitajika, hata ya jirani. Yapashwe kwa kuweka chupa kwenye maji moto, yasichemshwe, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yatupwe ndani ya saa mbili. Naye mama kazini anahitaji kukamua, la sivyo maziwa yatapungua na kifua kitauma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kuwa na chumba cha kunyonyeshea chenye maji, kiti na kifaa cha kupoza maziwa, na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua mbali na ule wa chakula. Chumba hicho kifunguliwe usiku pia. Kikifungwa saa kumi na moja jioni na ufunguo ukaenda na karani, kwa mama wa usiku hakipo.

Usiku umepita. Saa moja na dakika arobaini asubuhi gari limemshusha mama kijijini. Hapa ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini hajalala tangu jana. Wa chekechea anahitaji uji na kufikishwa darasani kabla ya saa mbili. Mchanga ameamka na anataka kucheza. Saa ambayo mama huyu anahitaji malezi zaidi si saa nane usiku. Ni saa tatu asubuhi, anapohitaji kulala saa sita au saba bila kuamshwa. Asipolala, usiku unaofuata atakuwa hatari kwake na kwa wenzake.

Kwa hiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote huenda isiwe ya usiku hata kidogo. Mashamba makubwa ya chai yamekuwa na vituo vya kulelea watoto wa wachumaji kwa muda mrefu, na vijijini kuna vya watu binafsi. Vingi hupangwa kwa ajili ya anayefanya kazi mchana. Kituo kikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa mbili, kinamsaidia mchumaji anayewahi shambani. Kikimkubali pia mtoto ambaye mama yake yuko nyumbani amelala, kinamsaidia wa usiku. Walezi waache kumwuliza, "Kwani wewe si uko nyumbani?" Yuko nyumbani, ndiyo, kwa sababu shifti yake imekwisha na anahitaji kulala.

KAUNTI INAINGIA WAPI

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti kazi hizi waziwazi: barabara za kaunti, taa za barabarani na usafiri wa umma wa barabarani, utoaji wa leseni na udhibiti wa wanaouzia umma chakula, elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017. Kaunti nyingine nazo zina uwezo huo, na Nairobi haiamki saa kumi kuchuma chai.

Lakini fedha hufuata kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni ya umma husikilizwa kabla ya tarehe hizo. Ombi la "tusaidieni watu wa usiku" likija Mei litaandikwa na kusahauliwa. Ombi lenye idadi, likija Agosti, lina mahali pa kuingia.

Kwa hivyo kila wadi yenye kiwanda inaombwa ilete karatasi moja yenye safu tano: kijiji, idadi ya wafanyakazi wa usiku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na umri wa watoto walio chini ya miaka sita. Majina hayahitajiki. Karatasi hiyo itaonyesha taa iwekwe kona gani, gari lipite njia ipi, na kituo kipi cha malezi kifunguliwe saa kumi na mbili. Mzee wa kijiji akikosa wa kuijaza mchana, asimame langoni mwa kiwanda saa moja asubuhi. Wote atawakuta hapo, wanaoingia na wanaotoka, katika robo saa moja.